Muuzaji kiwanja akipiga simu, usimuulize "una hati?"

Juzi tena kijana ninayefanya naye kazi kanitumia wasapu: "Bosi, Chanika, 20 kwa 20, hati ipo, milioni 8, niposti?" Nikamuuliza hati gani, kimya. Hii ni mara ya ngapi sijui, na sio yeye tu, madalali wengi Dar wanaamini simu ya kwanza ni bei, ukubwa na "una hati?", muuzaji akijibu ndiyo basi tangazo linaruka.

Jamani, hilo swali halina jibu! Mtu mwenye hati miliki ya miaka 99 atakujibu "ipo". Mwenye ofa, ile barua ya kugawiwa kiwanja kabla ya hati, atakujibu "ipo". Mwenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa naye atakujibu "ipo", na wala hakudanganyi, kwake ile karatasi ndiyo hati, ndiyo aliyopewa siku ananunua na ndiyo anayoificha chini ya godoro.

Kwa hiyo mimi neno hati silitaji kabisa. Baada ya salamu nasema hivi: "Ile karatasi ya kiwanja iko karibu? Naomba unisomee maneno ya juu kabisa." Akisema iko kwa shemeji Morogoro, namwambia nitampigia akishaipata, na tangazo halitoki. Akiwa nayo, swali linalofuata ni "jina lililoandikwa hapo kama mmiliki au mnunuzi ni la nani?" Sio "kiwanja ni chako?", hapo kila mtu atasema chake.

Yule wa Chanika nikampigia mwenyewe. Ni mtu mzima, nikampa shikamoo yake, nikamwomba asome. Akasoma taratibu: "Mkataba wa mauziano ya eneo." Mnunuzi? Akataja jina, nikamuuliza ndilo lake, akasema la marehemu baba. Nikampa pole, kisha nikauliza, "Mzee, mirathi mlishafungua?" Akajibu, "Tulishakaa kikao cha ukoo, mimi ndiye niliyeteuliwa, muhtasari ninao."

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Bila barua ya usimamizi kutoka mahakamani yule mzee hana mamlaka ya kuuza hata mti uliopo pale, na mnunuzi atakayempa hela leo kesho atakutana na dada mtu aliyetoka Mwanza anauliza nani kawaruhusu. Nikamwambia aanzie mahakama ya mwanzo aende na cheti cha kifo na ule muhtasari, barua ikitoka anipigie. Na hata ikitoka bado nataka warithi wote wasaini. Hakukasirika, alishukuru, maana alidhani ameshamaliza.

Ukubwa nao usiuandike hivihivi. Muulize "20 ni hatua au mita, na nani alipima?" Huku kwetu ekari tunaihesabu 70 kwa 70 za hatua, na ekari ni kama mita za mraba 4,047, ukipiga hesabu hatua moja inatoka kama sentimita 91. Sasa 20 kwa 20 za hatua ni kama mita za mraba 330, wewe umeposti 400, mteja akija na tepu anakuona tapeli. Yule mzee alikuwa amepima kwa miguu. Kama kiwanja kimepimwa rasmi omba namba ya kiwanja na ya kitalu, zisome mara mbili, utazihitaji kwenye upekuzi kwa msajili wa hati.

Bei naiuliza mwisho, kwa kifupi, na sibishani nayo kwenye simu.

Swali ambalo mpaka leo silijui vizuri pa kuliweka ni la mke au mume. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake, sheria ya ndoa ya 1971 iko wazi, na kwenye kiwanja kitupu pia mwenza anaweza kuja kuweka zuio. Lakini kumuuliza mwanaume usiyemjua "mkeo anajua?" simu ya kwanza, nimeshakatiwa mara kadhaa. Nimejaribu "siku ya kusaini mtakuja na mama?", inapita vizuri zaidi, ila wapo wanaoitikia tu halafu mama haji. Kwa sasa naiuliza hivyo, halafu narudia tukiwa site, uso kwa uso.

Kijana wangu nimemwandikia haya maswali kwenye daftari kwa mpangilio huohuo, na nimemwambia kwenye ile nafasi ya hati aandike neno kwa neno kichwa cha karatasi kama alivyosomewa. Chanika tumeandika "mkataba wa mauziano, jina la marehemu, hatua, asubiri mahakama", haijapostiwa.