Mbona Mchoro Uliopachikwa kwenye Picha ya Ukuta Huonekana kama Stika?

"Nimepachika mchoro wenye fremu kwenye picha ya sebule yangu, na pembe zake nne zimefuata mlalo wa ukuta. Mbona bado unaonekana kama stika?"

Pembe nne zinaweza kukaa mahali pake ilhali kilichomo ndani yake kimekaa vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilaumu kivuli, nikakikoleza mpaka fremu ikawa kama inaelea hewani, kumbe kosa lilikuwa katikati ya mchoro.

Chukua ukuta uliopigwa picha kwa upande, kamera ikiwa imeshikwa wima. Ukingo wa fremu ulio karibu una urefu wa pikseli 600, ule wa mbali una pikseli 400, na baina yao pana pikseli 500. Nilidhani kwamba katikati ya mchoro ni pikseli ya 250 kutoka ukingo wa karibu, nami nilikosea: ni ya 300. Aliyewahi kusimama relini ameliona jambo hili, kwani mataruma yamepangwa kwa nafasi zilizo sawa, lakini yale ya mbali huonekana yamebanana. Nusu ya karibu ya mchoro nayo hupata nafasi kubwa kuliko nusu ya mbali, tena kwa uwiano ule ule wa kingo, yaani 600 kwa 400, au 300 kwa 200. Ukitaka kuhakikisha, chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Inapokatana ndipo katikati halisi.

Katika GIMP, zana ya `Perspective` hufanya hesabu hiyo yenyewe. `Shear` huulaza mchoro tu, na `Warp Transform` huusukuma sehemu baada ya sehemu bila kujali umbali. Hata hivyo, hesabu hii hutegemea mistari iliyonyooka, na lenzi pana za simu huipinda karibu na kingo za picha. Ukiona mstari wa dari umepinda, unyooshe kwanza.

Kivuli huwekwa kwenye tabaka lake kwa hali ya `Multiply`, ambayo hupunguza mwanga bila kufuta mikwaruzo ya plasta. Huangukia upande usioelekea dirisha, kikiwa kikali kinapogusa fremu na kufifia kadiri kinavyoiacha. Rangi yake ifanane na vivuli vingine vya chumba, ambavyo ni nadra kuwa vyeusi kabisa.

Mng'ao ni kinyume chake: huongeza mwanga, hivyo hali yake ni `Screen`. Ajabu yake ni kwamba haupaswi kupindwa pamoja na mchoro, kwa sababu si sehemu ya mchoro, bali ni dirisha linaloakisiwa kwenye kioo, na mahali pake huamuliwa na aliposimama mpiga picha. Fremu isiyo na kioo haidai mng'ao wa namna hiyo, ingawa mchoro wa Tingatinga, uliopakwa rangi ya mafuta inayong'aa, utameremeta hata bila kioo.