Muwasho wa usiku: choo hakina minyoo, lakini mtoto anajikuna

Mama mmoja alifika kliniki yetu ya watoto na karatasi mbili za majibu. Zote zilisema choo cha binti yake wa miaka 6 hakina minyoo. Mtoto naye kila usiku anashtuka, analia, anajikuna sehemu ya haja kubwa. Dawa ya minyoo alishapewa mara moja. Alitulia wiki chache, kisha hali ikarudi.

Majibu yale hayakuwa ya uongo. Walitafuta mahali ambapo mdudu huyu haonekani kirahisi. Ni minyoo midogo myeupe, mithili ya kipande cha uzi, jike akiwa na urefu wa karibu sentimita 1. Huishi kwenye utumbo mpana, lakini hatagi humo. Mtoto akishalala, jike hutoka nje na kutaga kwenye ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa, mayai yanayoweza kuzidi 10,000, yakiwa na utando unaonata. Huo ndio muwasho. Ndiyo maana choo kikipimwa, mara nyingi hakuna yai hata moja.

Kwa hiyo tulimwomba mama apime ngozi, si choo. Alihitaji selotepu ya kawaida inayopitisha mwanga (ile yenye ukungu haifai, maana hadubini haioni kitu) na vioo vidogo vya maabara tulivyompa. Asubuhi, mtoto akiamka tu, kabla hajaoga wala kwenda chooni, unatenganisha makalio, unabandika upande wenye gundi mara kadhaa kwenye mikunjo ya ngozi, kisha unaubandika juu ya kioo. Nawa mikono, andika tarehe, peleka maabara. Kipimo cha siku moja hukosa wengi, hivyo rudia asubuhi 3 mfululizo. Kwa binti huyu, kioo cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili kilijaa mayai.

Njia nyingine haina gharama. Saa 2 au 3 baada ya mtoto kulala, mfunue taratibu umulike kwa tochi ya simu. Ukiona kiuzi cheupe kinachotembea, jibu umelipata. Kwa mtoto wa kike angalia pia sehemu za mbele, kwa kuwa minyoo hii hupotea njia ikaingia huko na kuleta muwasho au uchafu. Kusaga meno usingizini, ambako bibi zetu huita dalili ya mchango, hakuthibitishi chochote.

Sasa kwa nini dawa ya kwanza haikumaliza? Dawa huua minyoo, lakini mayai huyagusa kidogo sana. Yai huwa tayari kuambukiza baada ya saa 4 hadi 6 tu, na kwenye shuka au chini ya kucha linaweza kukaa hai wiki 2 au zaidi. Mtoto anajikuna, anaweka kidole mdomoni, mzunguko unaanza upya. Kosa jingine ni kwamba alikunywa peke yake, wakati analala godoro moja na kaka yake wa miaka 9. Hata dawa inayogawiwa shuleni, ambayo hulenga zaidi minyoo mingine, haiwafikii waliobaki nyumbani.

Familia ile ilikuwa na watu 6, akiwemo dada wa kazi. Wote walikunywa albendazole siku moja, Jumamosi: miligramu 400 kila mmoja, isipokuwa mdogo wa miezi 18 aliyepewa 200. Jumamosi ya wiki 2 baadaye wakarudia dozi ileile, ili kuua minyoo iliyoanguliwa baada ya dozi ya kwanza. Dozi hii ya pili ndiyo watu huiacha, kwa sababu muwasho umeshaisha. Mwenye mimba, hasa miezi 3 ya mwanzo, na mtoto chini ya mwaka 1 wasinywe bila kuonana na mhudumu wa afya.

Asubuhi ya kila dozi shuka na nguo za ndani zilifuliwa kwa maji ya moto, bila kukung'utwa, maana mayai hupeperuka. Kucha zilikatwa. Kwa wiki zile 2 watoto walilala na chupi na kuogeshwa kila asubuhi, si jioni, ili mayai ya usiku yaondoke kabla mikono haijayasambaza. Paka wa nyumbani aliachwa kwa amani; minyoo hii ni ya binadamu tu.

Mama alirudi mwezi uliofuata, mtoto analala. Kama angeendelea kujikuna, tungerudia selotepu kabla ya kumpa dawa tena, na tungekagua vidole na viganja vya wote nyumbani. Upele nao huwasha usiku, tena familia nzima, ila wenyewe huacha vipele katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na tiba yake ni ya kupaka.