Awamu ya deni hailipii umeme wa mwezi huu

Wiki hii amekuja mteja mwingine. Ameshika stakabadhi mbili, zote zimelipwa ndani ya tarehe tulizoandikiana, na nyumbani kwake giza. Ameniuliza swali ambalo kwenye hii meza ya madeni ya wateja wa umeme nimeulizwa hadi nimechoka: "Nimelipa kila mlichoniambia nilipe. Mbona mmenikatia tena?"

Hakudanganya. Alilipa awamu zote mbili. Ambacho hakulipa ni ankara za miezi hiyo miwili, kwa sababu aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba ukishapangiwa awamu, hiyo awamu ndiyo ankara yako mpya. Siyo. Makubaliano ya awamu yanahusu malimbikizo peke yake, yaani deni lililokuwepo siku ulipokatiwa. Umeme unaoutumia tangu siku uliporudishiwa una ankara yake, nayo unailipa yote kwa tarehe yake, juu ya awamu. Karibu kila fomu ya makubaliano ina sentensi inayosema hivyo, na inasema pia kwamba ukikosa kimojawapo makubaliano yamevunjika na deni lote lililobaki linadaiwa kwa mara moja. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo huwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na mtu aliyelala gizani siku kadhaa anatafuta mahali pa kutia saini tu. Katika hilo siwalaumu wateja. Nawalaumu walioipanga fomu, na tunaoisukuma mezani bila kuisoma kwa sauti.

Nieleze kwa mfano wa mama mmoja niliyemhudumia. Nitapunguza tarakimu ili hesabu ifuatike: tuseme ankara yake ya kawaida ni 100 kwa mwezi, na alikatiwa akiwa na malimbikizo ya 700. Alikuja na 260. Kati ya hizo, 40 zilikwenda kwenye ada ya kurudishiwa umeme. Ada hii haipunguzi deni hata kidogo, na wengi huisahau wanapohesabu walichonacho mfukoni. Zilizobaki, 220, zikawa malipo ya awali. Deni likashuka hadi 480.

Hapo nikamuuliza: "Mama, hizi 480 utazimaliza kwa muda gani?" Akajibu haraka: "Miezi minne." Nikaandika 120 kwa mwezi. Hilo ni kosa langu, na nalikumbuka kila ninaposhika fomu. Nilipaswa kumuuliza swali tofauti kabisa: kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani kwa ajili ya umeme, kila kitu pamoja? Angenijibu 150, kama alivyonijibu baadaye. Toa 100 ya ankara mpya, inabaki 50 ya deni. Kwa 50, deni la 480 linachukua miezi kumi, na mwezi wa kumi ni 30 tu. Lakini alichotia saini kilikuwa 120 na 100, yaani 220 kila mwezi, kwa mtu mwenye uwezo wa 150. Hata angeielewa fomu vizuri, asingeifikisha mwisho.

Kwa nini alisema minne? Aliona aibu. Watu hudhani ukiomba miezi mingi utakataliwa, kwa hiyo wanataja awamu kubwa ili wamridhishe aliye mezani. Ni kweli kampuni nyingi zina ukomo wa miezi ambao karani hawezi kuuvuka, lakini mara nyingi msimamizi wake anaweza, akionyeshwa sababu kwa maandishi. Barua haihitaji kuwa ndefu. Namba ya akaunti, deni, kiasi ulichonacho leo, mapato ya mwezi na matumizi yasiyokwepeka, kisha sentensi moja: "Ninaomba kulipa 50 kila mwezi juu ya ankara mpya, kuanzia tarehe fulani." Chagua tarehe inayofuata siku unayopata pesa. Maneno "juu ya ankara mpya" yanamwonyesha msimamizi kwamba umepiga hesabu yote, na nimeona maombi ya muda mrefu yakipita kwa sababu hiyo.

Turudi kwa mama. Alilipa 120 mara mbili, kwa wakati. Deni la zamani likawa 240. Ankara mbili mpya, 200, zilibaki bila kulipwa. Jumla 440, na mfumo wa kompyuta ukatoa amri ya kukata. Hata namna pesa zake zilivyogawanywa ilimchanganya, maana kwenye taarifa ya akaunti 100 kati ya kila 120 ziliandikwa kwenye ankara mpya na 20 tu ndizo zilizoingia kwenye awamu. Jumla ni ile ile, 440, ila sasa inaonekana alikuwa analipa awamu pungufu. Kampuni hazifanani katika hili, na kuna siku mimi mwenyewe siwezi kumweleza mteja pesa yake itaangukia wapi mpaka niifungue akaunti baada ya malipo. Ndiyo maana nasema ulipe mara mbili, ankara peke yake na awamu peke yake, na awamu uitaje kwa namba ya makubaliano kama umepewa.

Mita za kulipia kabla zina utaratibu mwingine: sehemu ya kila unachonunua inakatwa kwenda kwenye deni, na kinachobaki ndicho kinachokupa uniti. Huko la kujadili ni asilimia inayokatwa.

Kabla ya saini, angalia mambo mawili. La kwanza, deni linaloonyeshwa linaweza kuwa halijakamilika. Umeme uliotumia kati ya usomaji wa mwisho wa mita na siku ya kukatwa unaweza kuja kwenye ankara ya kwanza baada ya kurudishiwa, ukadhani umeibiwa. Omba usomaji wa siku ya kukatwa uingizwe kwanza. La pili, tazama kama kuna ankara za makadirio, yaani zilizokisiwa bila mita kusomwa. Saini yako inaweza kuhesabiwa kuwa umekiri deni lote, pamoja na ambalo hukulitumia. Piga picha mita, linganisha tarakimu, na ukikuta tofauti andika kwenye barua kwamba unaomba awamu kwa sehemu usiyoipinga, na sehemu nyingine ichunguzwe. Usijiunganishie umeme mwenyewe wakati unasubiri. Pamoja na hatari yake, hapo jalada linahamia kwenye wizi na mimi sina tena la kukusaidia.

Kuna jambo moja sijatulia nalo. Tunadai malipo ya awali makubwa tukiamini yanaonyesha nia, lakini naona mara kwa mara kwamba pesa hiyo hiyo ndiyo ingelipa ankara ya mwezi wa kwanza. Tunamkamua mtu leo, halafu tunamkata baada ya siku sitini. Nimelisema ndani, na sijui kama nina haki, kwa sababu wapo pia waliopewa nafuu ya malipo ya awali na hatukuwaona tena.

Mara ya pili mama aliombwa nusu ya zile 440. Tuliandika barua pamoja, yenye ile 150 yake, na msimamizi akakubali 140, mbali na ada nyingine ya 40. Zikabaki 300, awamu sita za 50. Sasa yuko mwezi wa tatu. Ankara ikifika analipa mara mbili siku hiyo hiyo, na stakabadhi zote mbili anazibana kwa pini moja nyuma ya nakala ya makubaliano.