Kazi ya kulipia kwanza: maana yake

Ni ofa ya kazi ambayo, kabla hujaanza, anayekuajiri anataka umpe pesa: ya mafunzo, ya sare, ya viza. Mara nyingi kazi yenyewe haipo, na hiyo ada ndiyo biashara. Piga hesabu. Chumba cha kukodi ghorofa ya tatu mjini Nairobi, watu 40 wameitwa usaili siku moja, kila mmoja anatoa shilingi 1,500 za sare. Hizo ni 60,000 kabla ya chakula cha mchana, na hakuna shati hata moja lililoshonwa. Jumatatu ukirudi unakuta kufuli, na bawabu anakuuliza unamtafuta nani.

Pesa haitajwi mwanzoni. Kwanza usaili wa dakika tano, halafu "umefaulu", halafu barua yenye muhuri. Ukishapiga simu nyumbani kusema umepata kazi, ndipo sare inapoingia. Baada ya sare, kitambulisho cha kazini. Baada ya kitambulisho, mafunzo ya siku mbili. Kila kiasi ni kidogo, na kukataa cha tatu ni kukubali kwamba viwili vya kwanza vimeliwa.

Kwa kazi za Ghuba, jina la ada ni viza, na hapo uongo hushikika kirahisi. Katika Falme za Kiarabu, mwajiri ndiye anayemwombea mfanyakazi kibali cha kazi, na sheria ya kazi ya 2021 inamkataza kumtoza gharama za kuajiriwa, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo anayekwambia "tuma 45,000 nikushughulikie viza ya Dubai" anakuuzia kitu ambacho si mzigo wako. Wengine hupewa viza kweli, ila ya utalii: unafika, siku zinakwisha, na huna ruhusa ya kufanya kazi.

Si kila malipo ni utapeli. Pasipoti na cheti cha polisi cha mwenendo mwema utavilipia mwenyewe. Lakini angalia pesa inakokwenda: unalipa kupitia eCitizen, paybill 222222, na hati inabaki yako hata kazi ikiharibika. Ada ya "mafunzo" iliyotumwa kwa namba ya simu ya mtu haikuachii chochote. Na kama kweli sare ni ya kulipiwa, mwambie aikate kwenye mshahara wa kwanza, kisha sikiliza atakavyojibu.

Mawakala wa kazi za ng'ambo waliosajiliwa Kenya wamo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kuliona jina hapo hakutoshi, maana matapeli hujivika majina ya mawakala halali. Ipigie ofisi ya wakala huyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye tangazo, uulize kama nafasi hiyo wanaijua.