Kinachotoka mtu anapokata roho ni roho au nafsi?

Kila ninapofundisha aya ya 42 ya Sura Az-Zumar, mwanafunzi mmoja hunyoosha mkono. Tafsiri ya Kiswahili aliyoishika inasema Mwenyezi Mungu huzitakabadhi roho zinapokufa, na zile zisizokufa huzitakabadhi usingizini. Lakini Kiarabu chake ni *al-anfus*, yaani nafsi. Je, mfasiri amekosea?

Mimi nasema hajakosea, na ushahidi wangu ni kitanda cha mauti cha Abu Salama, sahaba wa Mtume. Alipofariki, Mtume (s.a.w.) aliingia akamkuta macho yamekodoka, akayafumba, akasema: roho ikichukuliwa, macho huifuata. Hadithi hiyo ni ya Ummu Salama, imo katika Sahihi Muslim. Humo humo Abu Hurayra anasimulia maana hiyo hiyo, ila yeye anasema macho huifuata nafsi. Kinachotoka ni kile kile, kimetajwa kwa majina mawili.

Hadithi ndefu ya Al-Baraa bin Azib inaonyesha zaidi. Malaika wa mauti hukaa kichwani pa muumini na kuiita: ewe nafsi njema, toka. Nayo hutoka kama tone linavyochuruzika kutoka mdomo wa kiriba. Ya mwovu hutawanyika mwilini, ikang'olewa kama kijiti chenye miba kinavyovutwa kwenye sufi iliyolowa. Hebu kivute uone sufi inavyochanika. Kisha, simulizi ikifika kaburini, neno linabadilika: *roho* yake hurudishwa mwilini, na malaika wawili wanakuja kumhoji.

Ndiyo maana mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alishika kauli ya wengi kwamba dhati ni moja na tofauti iko kwenye sifa. Wako waliozitenganisha, hasa katika watu wa tasawwuf, elimu ya kuilea na kuitakasa nafsi: kwao nafsi ni chimbuko la matamanio, na roho ni ile iliyopulizwa. Sioni ugomvi mkubwa hapo, maana wanazungumzia tabia. Anayekosea ni yule anayechukua msamiati huo wa malezi akaubandika kwenye hadithi za mauti, kisha akadai kwamba nafsi hufia kaburini na roho hupaa peke yake.

Kosa la namna hiyo hutokea pia kwenye sifa tatu za nafsi: ammara inayoamrisha maovu, lawwama inayojilaumu na mutmainna iliyotua. Wengi huzihesabu kama ngazi, ukishapanda ya pili umeiaga ya kwanza. Ibn al-Qayyim anaziona kuwa hali za nafsi moja. Mtu aliyelala akaikosa Alfajiri kwa uvivu, akajuta saa mbili asubuhi, akasali kwa utulivu, kisha adhuhuri akasengenya, amezipitia zote tatu kabla ya alasiri. Hali inayoogopwa ni ile itakayomkuta nayo malaika, kwa kuwa wito wa "ewe nafsi iliyotua" katika Sura Al-Fajr, kwa kauli ya baadhi ya wafasiri, husikika wakati wa kukata roho. Wengine wanasema ni siku ya kufufuliwa.