Nzige wa makundi na panzi wa peke yake ni mdudu mmoja

“Si kweli kwamba nzige ni mdudu wa aina yake, anayetoka mbali ghafla, na yule panzi wa peke yake porini hana uhusiano naye?”

Hata wataalamu waliamini hivyo, hadi 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoeleza kwamba nzige huyo huyo mmoja ana hali mbili. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ana rangi ya mchanga, huwakwepa wenzake na huruka usiku. Mvua ikinyesha jangwani, huzaliana. Majani yakianza kukauka, wote hubanana kwenye vichaka vichache vilivyobaki, na hapo miguu yao ya nyuma hugusanagusana. Mguso huo huongeza serotonini, kemikali ya mfumo wa neva, mwilini, na ndani ya saa chache tu mdudu aliyekuwa akiwakimbia wenzake huanza kuwafuata. Rangi hubadilika baadaye, polepole zaidi.

Ndiyo maana mkaguzi wa nyanjani hatazami angani. Hutembea akihesabu wadudu, huchimba kidogo kuona kama udongo una unyevu wa kutosha kwa mayai, kisha huinama kuwaangalia tunutu, yaani nzige wachanga wasioweza kuruka. Wa kijani waliotawanyika hawamtishi sana. Wenye manjano na madoa meusi, wanaotembea kwa kundi, huripotiwa mara moja. Tunutu hawaruki kwa takriban wiki 5 au 6, na huo ndio muda wa kuwadhibiti na kuwatahadharisha wakulima. Tatizo ni maeneo yasiyofikika, hasa yenye vita: huko kundi hukomaa bila kuonekana.