Hat-trick ya jana haipandishi kadi: dhana potofu za soko la Ultimate Team

Ultimate Team ni sehemu ya EA Sports FC, gemu ya mpira iliyoitwa FIFA zamani, ambapo unajenga timu kwa kadi za wanasoka. Kadi zote unazoziona kwenye Transfer Market yake, yaani soko lake, zimewekwa na watu wanaocheza gemu kama wewe. Yupo aliyefungua pakiti akapata beki asiyemhitaji, na yupo anayevunja timu nzima ili amnunue straika mmoja. Kampuni yenyewe haiuzi kadi humo. Inachofanya ni kuamua pakiti gani zitoke, lini, na kadi za aina gani zitafutwe wiki hiyo. Bei inasukumwa na mambo hayo: kiasi kinachoingia sokoni na kiasi kinachotakiwa. Dhana nyingi zinazowamaliza watu koini, fedha ya ndani ya gemu, zinatokana na kutazama kitu kingine.

"Amefunga matatu jana, kadi yake lazima ipande"

Kadi ya kawaida ya dhahabu ina namba zake tangu gemu inapotoka mwezi Septemba. Mabao ya jana hayaiongezei kasi wala shuti. Kinachoweza kutokea ni mchezaji huyo kuingia Team of the Week, yaani kupewa kadi nyingine iliyo bora kuliko ile uliyonayo. Hapo waliokuwa wakiitumia kadi ya zamani wanaanza kuitazama mpya, na yako inaweza hata kushuka.

Zipo kadi zinazofuata mpira wa kweli, kwa mfano Road to the Knockouts, ambazo hupanda kiwango kulingana na matokeo ya klabu katika mashindano ya Ulaya. Lakini hata hizo, bei husogea kabla ya mechi, watu wanapokuwa na matumaini. Klabu ikishinda, wengi waliokuwa wameshikilia huuza kwa pamoja usiku uleule. Ikifungwa, bei huporomoka kabla hujafungua simu. Kama umenunua kwa ajili ya kuuza, muda wako mzuri ni saa chache kabla ya mpira kuanza, wakati matumaini yote bado yamo ndani ya bei na hatari bado haijafika.

"Nimenunua 10,000, nimeuza 10,500, nimepata 500"

Hapana, umepoteza 25. Kila kadi inayouzwa hukatwa asilimia 5, na makato hayo yanatoka kwa muuzaji. Ukiuza 10,500 unapokea 9,975.

Ili koini zako 10,000 zirudi, unahitaji kuuza kwa takriban 10,530. Lakini soko halipokei bei yoyote utakayo. Kati ya 10,000 na 50,000 bei hupanda kwa hatua za 250, kwa hiyo baada ya 10,500 inafuata 10,750. Ukiuza hapo unapokea 10,212. Faida ni 212, basi. Kwa kadi za bei ndogo, kati ya 1,000 na 10,000, hatua ni 100. Uliyonunua 2,000 lazima iuzwe 2,200 ndipo ubaki na 90.

Njia ya haraka ni kuzidisha bei unayotarajia kuuzia kwa 0.95 kabla ya kubonyeza kununua, kisha ukatoa uliyonunulia. Anayefanya biashara ya kadi ishirini kwa siku bila hesabu hii anaweza kuona mauzo mengi na pochi inayopungua, asijue koini zinakokwenda.

"Kadi ya mchezaji mbovu haina soko"

Dhana hii ndiyo inayowanyima watu faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tangu FIFA 17, Ultimate Team ina SBC, yaani Squad Building Challenges. Unakabidhi timu ya kadi kumi na moja zenye kiwango fulani, kadi hizo zinapotea moja kwa moja, na wewe unapewa kadi maalumu au pakiti. Mtu anayejaza SBC hajali kama kipa wa kiwango cha 87 anadaka au hadaki. Anatafuta 87 ya bei ya chini kabisa. Ndiyo maana kipa asiyetumiwa na mtu, beki mzito na mchezaji wa ligi isiyofuatiliwa, wote wakiwa 87, hukuta bei zao zimesimama karibu mahali pamoja. Kadi hizi za kujazia zina bei ya kiwango, si ya jina.

Na ndizo ambazo mwendo wake unaweza kusomeka mapema. Promo mpya, yaani toleo la kadi maalumu za muda, kwa kawaida hutangazwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa saa za London. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa tatu usiku wakati wa majira yao ya baridi, na saa mbili usiku kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, maana wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Promo ikija na SBC ya mchezaji anayependwa, inayodai timu tano au sita za viwango vya 85 hadi 88, maelfu ya watu huingia sokoni kutafuta kadi zilezile ndani ya nusu saa.

Tuchukue mfano wenye namba. Alhamisi, zawadi za wiki za Division Rivals, mashindano ya mtandaoni ya gemu, zikishatoka na watu wakifungua pakiti, kadi za kiwango cha 87 zimekuwa nyingi na zinapatikana kwa 12,000. Unanunua kumi, umetoa 120,000. Ijumaa usiku SBC kubwa inatoka na bei inaruka hadi 17,000. Unaziweka hatua moja chini ya wenzako, 16,750, na kila moja inakupa 15,912. Faida ni kama 3,900 kwa kadi, karibu 39,000 kwa zote.

Sasa tuseme hukuuza. Umejiambia itafika 20,000. Wakati unasubiri, mambo mawili yanatokea. Wenye haraka wameshamaliza kujaza, hivyo mahitaji yanapungua. Na pakiti za promo zinaendelea kufunguliwa usiku kucha, na ndani yake kuna kadi nyingi za 87. Jumapili bei imerudi 13,000. Ukiuza unapokea 12,350, faida 350 kwa kadi, kwa siku tatu za kushikilia. SBC ni ileile na kadi ni zilezile, ila hujauza ndani ya saa zile za kwanza.

Mimi naamini katika kuuza bei ikiwa bado inapanda. Kilele hakijulikani mpaka kipite, na bei inapoanza kugeuka hakuna anayenunua kwa pupa tena. Ukiwa na kumi, uza sita au saba kwenye mruko wa kwanza, ubaki na chache ukipenda kujaribu bahati.

Mpaka wa njia hii ni kwamba kuna Ijumaa ambazo SBC haiji, au inakuja ndogo. Kwa hiyo nunua pale tu ambapo bei iko karibu na sakafu yake ya wiki kadhaa, ili hata mruko usipotokea usishuke nayo mbali. Kununua Ijumaa jioni, saa moja kabla ya tangazo, ni kununua kutoka kwa waliokutangulia Alhamisi.

"Imeshuka, nitaishikilia mpaka irudi"

Kadi za kujazia hurudi, kwa sababu kila SBC mpya inazila. Kadi ya mchezaji wa kutumia uwanjani kwa kawaida hairudi. Mwaka wa gemu una mteremko mmoja mrefu: kila mwezi kadi bora zaidi zinatoka, hivyo straika aliyekuwa tishio Oktoba ni wa kawaida Februari. Novemba, wiki ya Black Friday, pakiti humiminika. Januari inakuja Team of the Year, na masika Team of the Season. Wengi huuza timu zao kabla ya matukio haya ili wawe na koini mkononi, kwa hiyo bei huanza kuanguka siku kadhaa kabla ya tukio lenyewe. Anayesubiri tangazo rasmi ndipo auze amechelewa.

Ukitaka kujua kama kadi imeshuka kwa muda au imeshuka moja kwa moja, tazama kilichotokea siku hiyo. Kama ni mafuriko ya pakiti tu, na hakuna kadi bora zaidi iliyotoka kwa nafasi hiyo na ligi hiyo, ina nafasi ya kupanda pakiti zikipungua. Kama imetoka nyingine yenye kasi zaidi kwa bei inayokaribiana, uza leo hata kwa hasara. Kumbuka pia kwamba koini na kadi hazihamii kwenye gemu ya mwaka unaofuata, kwa hiyo kushikilia kuna mwisho.

"FUTBIN inasema 40,000, basi ni 40,000"

Tovuti kama FUTBIN huonyesha bei ya chini kabisa iliyokuwa sokoni zilipotazama mara ya mwisho. Usiku wa promo, dakika kumi ni nyingi. Hakikisha pia umechagua jukwaa lako: tangu FIFA 23, PlayStation na Xbox zina soko moja, na PC ina lake, na bei zao hutofautiana. Kabla ya kuuza, tafuta kadi hiyo mwenyewe kwenye Transfer Market, punguza bei ya juu ya Buy Now kidogo kidogo mpaka zibaki kadi mbili tatu. Hapo umeipata bei ya sasa.

Ukikuta hakuna hata moja, usidhani haina thamani. Tangu 2015 kila kadi ina bei ya chini na ya juu isiyoruhusiwa kupita. Kadi ikigonga dari, zote hununuliwa na utafutaji unarudi mtupu. Maana yake watu wangelipa zaidi kama wangeruhusiwa. Iweke kwenye dari, itaondoka.

"Niiweke siku tatu, wengi wataiona"

Matokeo ya utafutaji hupangwa kwa muda uliobaki: zinazokaribia kuisha ndizo za mbele. Kadi ya siku tatu inakaa nyuma ya zote. Tena ukishaiweka huwezi kuiondoa mpaka muda uishe, kwa hiyo bei ikiruka usiku huo, mwingine atainunua kwa bei yako ya asubuhi na kuiuza tena mbele ya macho yako. Weka saa moja, ikirudi itazame bei upya, uiweke tena.

Angalia pia bei ya kuanzia mnada. Ukiandika Buy Now 16,750 na mnada uanzie 8,000, mtu atatoa dau la 8,000 na pengine atabaki peke yake mpaka saa iishe. Mnada uanzie hatua moja chini ya Buy Now, yaani 16,500.